Mwongozo Kamili: Karatasi ya Maelekezo kwa Daktari wa Muda katika Kituo cha Afya cha Kijijini

Daktari anayekuja kukushikia nafasi kwa wiki mbili anajua kutibu kifafa cha mimba. Asichokijua ni kwamba magnesiamu salfeti yenu iko kwenye kabati la wodi ya wazazi na si stoo, kwamba ufunguo wa kabati hilo usiku anakaa nao muuguzi wa zamu, kwamba ampuli mlizonazo ni za mililita 2, na kwamba gari la wagonjwa hulala hospitali ya rufaa. Hayo hayapatikani kwenye kitabu chochote. Yamo kichwani mwako, na ukiondoka yanaondoka nawe.

Mwongozo huu ni kwa mfawidhi wa kituo, au yeyote anayeandaa karatasi hiyo. Kanuni ninayoifuata ni rahisi: sentensi yoyote ambayo ingekuwa kweli katika kituo kingine chochote, ifute. Daktari hahitaji kuambiwa "hakikisha mgonjwa anapumua vizuri". Anahitaji kujua mashine ya kufyonza makohozi iko wapi na kama inafanya kazi umeme ukikatika. Karatasi moja, pande zote mbili, kwa maandishi makubwa yanayosomeka kwa tochi, inatosha. Ikizidi hapo, hakuna atakayeisoma saa nane usiku.

Hatua ya kwanza: zunguka kabla ya kuandika

Usianze na kompyuta. Chukua daftari na uzunguke kituo pamoja na mtoa dawa na mkunga wa zamu. Anzeni na sehemu za dharura: wodi ya wazazi, chumba cha kushonea vidonda, kabati la dharura, friji, kisha stoo. Andika kile unachokishika kwa mkono. Leja inaweza kusema kuna chupa 40 za dripu ya glukosi ilhali rafuni ziko 26, kwa sababu wodi ilichukua usiku na hakuna aliyeandika. Ukinakili leja, umemwachia mgeni tatizo ambalo hana namna ya kulijua mpaka siku anayoihitaji dripu hiyo.

Katika mzunguko huo andika pia kila kufuli na mwenye ufunguo wake, mchana na usiku. Usiandike "ufunguo uko kwa mtoa dawa" kama mtoa dawa anaishi mbali na kituo. Andika nani ana ufunguo wa akiba, anaitwaje, na anapatikana kwa njia gani simu yake ikiwa imezimwa.

Hatua ya pili: hesabu dawa za dharura kwa wagonjwa

Hapa ndipo karatasi nyingi zinapopwaya. Zinaandika "magnesiamu salfeti: ampuli 20" na kuishia hapo. Namba hiyo haimwambii daktari lolote mpaka ajue nguvu na ujazo wa ampuli.

Tuchukue mpango wa sindano za misuli unaotumiwa sana katika vituo visivyo na pampu za dripu. Dozi ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 10 kwenye misuli, yaani gramu 5 kila tako. Baada ya hapo ni gramu 5 kwenye misuli kila baada ya saa 4, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu mtukutiko wa mwisho, kutegemea kipi kimekuja baadaye. Dozi sita za kuendeleza ni gramu 30, kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kumaliza gramu 44.

Sasa rudi kwenye zile ampuli 20. Kama ni za asilimia 50 zenye mililita 10, kila moja ina gramu 5. Mgonjwa mmoja anahitaji ampuli 9, kwa hiyo mna dawa ya wagonjwa wawili na inabaki kidogo. Lakini kama ni za asilimia 50 zenye mililita 2, kila moja ina gramu 1 tu. Dozi ya kuanzia peke yake inakula ampuli 14, ya kwanza ya kuendeleza inakula 5, na inabaki moja. Boksi linafanana, idadi ni ileile, ila moja linatosha wanawake wawili kwa siku nzima na jingine linamfikisha mwanamke mmoja saa nane tu tangu aanze dawa.

Kwa hiyo kwenye karatasi andika hivi: "Magnesiamu salfeti asilimia 50, ampuli ya mililita 2 (gramu 1). Ziko 20. Zinatosha dozi ya kuanzia ya mgonjwa mmoja na dozi moja ya kuendeleza. Mgonjwa wa pili: hakuna." Daktari akisoma hivyo anajua papo hapo kwamba rufaa lazima iende mapema, na kwamba asubuhi lazima aagize.

Chini yake weka mstari mmoja wa kuchanganya, kwa sababu dawa ya asilimia 50 haichomwi kwenye mshipa bila kuzimuliwa: mililita 8 za dawa pamoja na mililita 12 za maji ya sindano hutoa mililita 20 za asilimia 20, ambazo ndizo gramu 4. Kwa ampuli za mililita 2 hizo ni ampuli nne. Taja pia ilipo kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kinga ya magnesiamu ikizidi: gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Mahali pake ni sanduku lilelile la magnesiamu. Ukiikuta stoo, ihamishe leo.

Fanya vivyo hivyo kwa atesuneti ya sindano ya malaria kali, kama iko katika eneo lenu. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Aliyefikia kilo 20 na kuendelea hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Dozi tatu za mwanzo ni ya kuanzia, ya saa 12 na ya saa 24. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42, kwa hiyo vaili moja ya miligramu 60 kila dozi, na vaili 3 kwa siku ya kwanza. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji miligramu 144, yaani vaili 3 kila dozi na 9 kwa siku ya kwanza. Vaili 12 ni watoto wanne au mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Andika hivyohivyo.

Usifanye hesabu hii kwa dawa zote. Chagua zile ambazo zikikosekana usiku mtu anaweza kufa: magnesiamu, oksitosini, atesuneti, dripu, dawa za mshtuko wa mzio, glukosi kwa sukari iliyoshuka, oksijeni. Amoksilini na vidonge vya minyoo vibaki kwenye leja.

Hatua ya tatu: andika kisichokuwepo

Kipande kifupi chenye kichwa "Hatuna" kina thamani kuliko orodha ya vilivyopo. Daktari aliyetoka hospitali kubwa huagiza kwa mazoea, na muuguzi kijana huona haya kumwambia mgeni kwamba dawa hiyo haijaonekana tangu robo iliyopita. Kwa kila kinachokosekana weka mbadala ambao tayari mmeukubali, pamoja na kikwazo chake.

Mfano ni dawa ya kushusha presha ya mjamzito. Kama haidralazini ya sindano imekwisha na mnacho kidonge cha nifedipini cha miligramu 10 cha kutenda haraka, andika hivyo, na uongeze kwamba mgonjwa asiye na fahamu hapewi kidonge mdomoni. Kama nifedipini mliyonayo ni ile ya kutenda polepole, liandike waziwazi, maana jina kwenye boksi ni lilelile na mtu anaweza kuisaga akidhani itafanya haraka. Ile haifai kwa kazi hiyo, na kuisaga kunaharibu mpangilio wa kuachia dawa.

Oksitosini inastahili mstari wake. Inahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikipata joto kwa muda mrefu inapoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Kwa kuitazama huwezi kujua. Andika ni friji ipi, nani anasoma kipimajoto asubuhi na jioni, na umeme ukikatika kwa zaidi ya muda mliojiwekea ampuli zinahamishiwa wapi. Kama mnayo misoprosto au kabetosini isiyoharibika kwa joto, taja ilipo, kwa sababu hiyo ndiyo tegemeo lenu friji ikiwa imezima tangu jana. Chanjo zina mlinzi wake na alama yake kwenye kichupa. Daktari wa muda hana haja ya kuzigusa, ila ajue kwamba friji ya chanjo haiwekwi kitu kingine.

Dawa zinazodhibitiwa kisheria, kama mofini, pethidini, ketamini na diazepamu, zihesabiwe nanyi wawili uso kwa uso siku ya makabidhiano, na wote msaini kwenye rejesta. Ukiondoka kabla hajafika, hesabu na muuguzi mkuu, kisha yeye ahesabu na mgeni. Usimwachie mtu rejesta ambayo hakuiona ikifungwa.

Jambo la mwisho la dawa ni oda. Kama tarehe ya kuagiza inaangukia wiki zake, mwachie matumizi halisi ya mwezi uliyokwisha kuyakokotoa, hasa kwa dawa zilizowahi kukatika. Tuseme kwa siku 90 mmetumia vidonge 1,800, lakini kwa siku 30 kati ya hizo rafu ilikuwa tupu. Ukigawa kwa miezi mitatu unapata 600 kwa mwezi, na oda yako itazaa upungufu mwingine. Vidonge hivyo vilitumika kwa siku 60, kwa hiyo mahitaji ya kweli ni 900 kwa mwezi.

Hatua ya nne: njia za rufaa, kwa saa na si kwa kilomita

Jina la hospitali na umbali wake havitoshi. Daktari anataka kujua: nikiamua sasa hivi, mgonjwa atashikwa na mtu wa kumsaidia saa ngapi? Jibu lina vipande kadhaa. Dakika za kumpata mtu kwenye simu, dakika za dereva kutoka, safari ya gari kuja kituoni kama linalala kwingine, kupakia, na safari ya kwenda. Gari likilala hospitali, barabara hiyo inapitwa mara mbili kabla mgonjwa hajafika.

Tuipitie kwa mfano. Mama mjamzito ameletwa saa 8 usiku akitukutika. Hospitali yenye upasuaji iko mwendo wa saa 1 na dakika 20 barabara ikiwa kavu, na saa 2 ikinyesha. Saa 8:10 mkunga anapiga simu huku daktari akimlaza kwa ubavu wa kushoto, akifungua njia ya hewa na kuanza oksijeni lita 5 kwa dakika. Saa 8:20 dozi ya kuanzia ya magnesiamu imekwisha kuingia. Dereva anatoka hospitali saa 8:30. Barabara ikiwa kavu anafika saa 9:50, mnaondoka saa 10:05, na mgonjwa anapokelewa saa 11:25 alfajiri. Tangu simu ipigwe ni saa 3 na dakika 15. Mvua ikinyesha, gari linafika saa 10:30, linaondoka saa 10:45, na kupokelewa ni saa 12:45 asubuhi.

Tofauti hiyo ya mvua inagusa mambo mawili. Dozi ya pili ya magnesiamu ni saa 12:20. Kukiwa kavu mama yuko hospitali tayari. Kukiwa na mvua, dozi inaangukia njiani. Basi karatasi iseme: kila rufaa ya kifafa cha mimba inaondoka na gramu 5 za magnesiamu, sindano yake na kalsiamu glukoneti mkononi mwa mkunga anayesindikiza. Na kabla ya kuchoma njiani, mkunga aangalie vitu vitatu: mgonjwa anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimojawapo kikikosekana, dozi inasubiri.

La pili ni oksijeni. Lita zilizomo kwenye mtungi ni ujazo wa mtungi ukizidishwa na geji. Mtungi wa lita 10 wenye geji ya baa 100 una takriban lita 1,000. Kwa lita 5 kwa dakika ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Safari kavu inahitaji dakika 195, kwa hiyo mgonjwa anafika mtungi ukiwa unakata roho. Safari ya mvua inahitaji dakika 275, na mtungi utaisha njiani. Ufumbuzi ni kumweka mgonjwa kwenye konsentreta wakati wa kusubiri gari kama umeme upo, na kuuacha mtungi kwa ajili ya safari. Kwenye karatasi andika ujazo wa mitungi yenu, geji ya siku ya makabidhiano, kama gari lina oksijeni yake au halina, na kama spana ya kufungulia mtungi imefungwa kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Spana iliyopotea ni sawa na mtungi mtupu.

Baada ya hapo gawanya rufaa kwa tatizo, kwa sababu hospitali iliyo karibu si lazima iwe ndiyo inayofaa. Anayehitaji upasuaji wa uzazi aende wapi? Anayehitaji damu? Mtoto mchanga asiyepumua vizuri? Aliyevunjika mfupa? Kama hospitali ya karibu haina mtu wa usingizi mwishoni mwa wiki, liandikwe hilo, pamoja na jina la pili. Kila mstari uwe na namba ya simu ya wodi yenyewe, na kila namba ujaribu kuipiga siku unayoandika. Namba ya mapokezi inayoita bila kupokelewa inakula dakika ambazo hazirudi. Kama mtandao unapatikana tu nyuma ya jengo, au kwa laini ya kampuni moja, andika hivyo.

Swali ambalo husahaulika ni nani anabaki. Usiku wenye wakunga wawili, mmoja akisindikiza, wodi ina mmoja. Msimamo wangu ni kwamba daktari habebwi na gari la wagonjwa ila kama kituo kina tabibu mwingine macho, kwa sababu mgonjwa wa pili huja bila miadi. Mkunga ndiye anayesindikiza, na karatasi itaje ni nani wa kuitwa nyumbani kuziba nafasi yake. Taja pia mafuta ya gari yanatoka wapi usiku na nani anaidhinisha, ili dereva asije akasubiri saini ya mtu aliyelala.

Barua ya rufaa iwe na nakala iliyoandaliwa nusu: jina la kituo, namba ya simu ya kurudishia mrejesho, na nafasi ya kujaza saa ya kila dozi iliyotolewa. Saa ndiyo muhimu. Anayempokea mama wa mfano wetu akisoma "alipewa magnesiamu" bila saa, atachoma tena au ataacha, na yote mawili yana hatari.

Hatua ya tano: ratiba, kwa ufupi

Ratiba ya kawaida muuguzi mkuu atamwelekeza, kwa hiyo usiipe nafasi kubwa. Siku za kliniki ya wajawazito, ya chanjo na ya wagonjwa wa kudumu, saa ya kupokezana zamu, saa ya kupita wodini, hayo yanatosha mistari minne. Tumia nafasi iliyobaki kwa yale yenye muda wa mwisho.

Magonjwa ya kuripotiwa haraka, kama kipindupindu, surua na ulemavu wa ghafla wa miguu kwa mtoto, yana mtu wa kupigiwa simu; weka jina la cheo na namba, na fomu ziliko. Kifo cha mama kinatolewa taarifa ndani ya saa 24, na jalada la mgonjwa linafungiwa mara moja ili kumbukumbu zisichezewe. Aliyebakwa anahitaji dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba kabla ya saa 120. Dawa hizo mara nyingi hufungiwa kliniki inayofunguliwa asubuhi za kazi tu. Akija Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi saa nyingi zitakuwa zimeshaliwa. Weka pakiti moja kwenye kabati la dharura, kisha andika ilipo.

Jenereta nayo: nani anaiwasha, mafuta yako wapi, na vyumba vipi vinapata umeme wake. Jenereta isiyofika chumba cha kujifungulia inabadilisha mipango yote ya oksijeni uliyoisoma hapo juu.

Hatua ya sita: ijaribu, kisha ibandike

Mpe karatasi mtu asiyefanya kazi wodi ya wazazi, mwambie anafanya zamu usiku huu, na umtume vitu vitatu: alete magnesiamu na kalsiamu mezani, akwambie mtungi wa oksijeni utadumu saa ngapi kwa lita 5, na aipate wodi ya wazazi ya hospitali kwenye simu. Usimsaidie. Kila mahali atakapouliza swali, hapo karatasi ina pengo. Kwa kawaida mapengo yanakuwa kwenye funguo na simu, si kwenye dawa.

Ukishaziba, andika tarehe juu kabisa, kwa wino mzito, na jina la aliyehesabu. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la dharura, moja iwe mezani kwa daktari, na moja ibaki kwa muuguzi mkuu. Sehemu ya dawa iache na safu tupu pembeni, ambamo kila anayetoa dawa ya dharura anaandika alichochukua na saa. Daktari wa muda akimaliza wiki zake, safu hiyo ndiyo makabidhiano yake kwako: unaihesabu naye dhidi ya rafu, mnasaini, na karatasi mpya inaandikwa siku hiyohiyo.